Mume Akisema Anaongeza

Safu hii ya mambo ya nyumbani imeletewa swali ambalo lilituweka barazani usiku mzima. Dada mmoja anaishi Jeddah na mumewe na watoto wao wawili. Wote wawili ni watu wa Tanga, na ndoa yao ilifungwa huko kwa shekhe. Alhamisi moja baada ya Isha, chai ikiwa bado mezani, mume akamwambia kwamba likizo ijayo akienda nyumbani ataoa mke wa pili. Binti ameshaposwa, na wazee wanajua. Dada anauliza maneno matatu tu: "Nina haki gani?"

Kisa hiki tumekisuka kutokana na maneno ya dada zaidi ya mmoja, wa Jeddah na wa Riyadh, ili asijulikane mtu. Hatukusudii kumwambia mume aoe au asioe, wala kumwambia mke abaki au aondoke. Tunataka kumwonyesha mke mkubwa mahali anaposimama, kwa sababu ughaibuni mtu anasimama juu ya sheria mbili kwa wakati mmoja, ile ya nyumbani na ile ya nchi anayoishi, na mara nyingi hajui ni ipi inayomshika mkono.

Tuanze na neno lenyewe, maana chama chetu ni cha lugha. Sisi tunasema mke mwenza, na ndani yake mna mwenza, mtu wa kushirikiana naye. Waarabu wanamwita dharra, neno litokalo kwenye shina moja na dharari, yaani madhara. Lugha moja imetazama ushirika, nyingine imetazama maumivu. Mke anayeambiwa habari hii usiku wa Alhamisi huyasikia maneno yote mawili kwa pamoja, na kazi yake ya kwanza ni kuyatenganisha.

Tulipomsikiliza dada yetu tuliona kwamba alichokiita hasira kilikuwa vitu vitatu. Cha kwanza ni uchungu wa kuhisi hakutosha, na aibu ya watu wa Tanga kujua kabla yake. Cha pili ni hofu: kodi ya nyumba, ada za shule, na iqama yake ambayo imeandikwa chini ya jina la mume. Cha tatu ni hisia ya kudanganywa, kwa kuwa posa ilipelekwa kwa siri. Vitu hivi havina dawa moja. Uchungu hautibiwi na mahakama, unahitaji muda na watu wa kulia nao. Hofu hutulia mtu anapojua hesabu na sheria. Na kudanganywa kunahitaji mume ajibu maswali, moja baada ya jingine, mbele ya mtu wa tatu ikibidi. Mke akivichanganya, atakwenda kwa kadhi kutafuta faraja, na atakwenda kwa mama yake kutafuta sheria, na kote atarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo usiku ule ule asiamue kitu. Tunasema hivi kwa sababu ya kisheria zaidi ya sababu ya busara. Neno linalotoka kwanza mdomoni ni "Niache! Chukua mahari yako!" Mume naye akijibu "Nimekubali", kilichotokea kinaweza kuhesabiwa kuwa khului, yaani mke amejivua kwa kurudisha mahari. Khului hukata ndoa mara moja. Hakuna kurejeana isipokuwa kwa ndoa mpya na mahari mapya, na nafaka ya eda hupotea, ila mke akiwa na mimba. Lakini mume akiamua mwenyewe kutoa talaka moja ya rejea, mahari hubaki kwa mke, na muda wote wa eda anakaa katika nyumba na kulishwa kama kawaida. Tofauti ya milango hii miwili ni kubwa, na watu wengi huuingia ule wa kwanza kwa sababu ya hasira ya dakika tano.

Sasa tuje kwenye swali la dada. Je, anaweza kumzuia mume asioe?

Jibu linaanzia kwenye karatasi ya ndoa. Siku ya kufunga ndoa, je, aliweka sharti kwamba mume hataoa juu yake? Hapa ndipo watu wa pwani yetu wanaposhangaa, kwa sababu madhehebu mawili yanatofautiana. Sisi wa pwani wengi ni Mashafii. Katika fikihi ya Kishafii, mwanamke akiweka sharti kwamba mume asiongeze mke, ndoa inasihi lakini sharti halimfungi mume, kwa hoja kwamba linazuia jambo lililohalalishwa. Ndiyo maana mashekhe wetu wengi hawaandiki masharti kwenye hati, na wazazi wa bibi harusi hawana mazoea ya kuuliza. Lakini Saudia imejengwa juu ya fikihi ya Kihanbali, na Mahanbali wanalikubali sharti hilo. Hoja yao ni ile hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayosema kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa.

Wala jambo hili si geni katika historia. Mji wa Kairawani, katika Tunisia ya leo, ulijulikana kwa desturi ya kuandika ndani ya hati ya ndoa kwamba mume akioa mwingine, mke ana hiari ya kutoka. Inasimuliwa kwamba hata Abu Jaafar al-Mansur, kabla hajawa khalifa wa Bani Abbas, alioa huko kwa sharti hilo.

Mwaka 2022 Saudia ilitoa Sheria ya Hali za Kibinafsi, ya kwanza kuyaandika mambo ya ndoa, talaka, nafaka na malezi katika vifungu. Kabla yake kadhi alikuwa akihukumu kwa kurejea vitabu vya fikihi moja kwa moja. Sheria hiyo imeyakubali masharti ya ndoa: wanandoa wanafungwa na masharti waliyowekeana, isipokuwa yale yanayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mume akilivunja sharti, mke anaweza kuomba mahakama ivunje ndoa.

Tuelewane vizuri hapo. Sharti halimfungi mume miguu. Hata katika fikihi ya Kihanbali, mume aliyeahidi kutooa akioa, ndoa yake ya pili ni sahihi. Alichokipata mke wa kwanza ni mlango wa kutokea bila kununua uhuru wake kwa mahari. Na mlango huo unaweza kujifunga wenyewe. Mke akijua kwamba sharti limevunjwa, kisha akaonyesha kuridhika kwa maneno au kwa vitendo, haki ile inaanguka. Kwa hiyo mwenye sharti kwenye hati asinyamaze miezi mingi akitarajia mambo yatanyooka yenyewe, huku akiendelea kama kwamba hakukutokea kitu.

Dada yetu hana sharti. Tulimuomba aitazame hati yake, akakuta majina, mahari na mashahidi, basi. Mlango huo kwake haupo. Tunawaambia mabinti wa chama ambao bado hawajaolewa: mstari mmoja kwenye hati, siku ambayo kila mtu anacheka, ni rahisi kuliko kesi ya miaka miwili.

Hata hivyo harusi itafanyika Tanga, na Tanga kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inahusu Tanzania Bara, na inatambua kwamba ndoa ya Kiislamu inaweza kuwa ya wake wengi. Lakini imeweka mambo mawili ambayo wake wengi hawayajui. La kwanza, wanaotaka kuoana wanatakiwa kutoa taarifa kwa msajili au mfungishaji wa ndoa angalau siku 21 kabla. La pili, mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi. Sababu zinazokubaliwa zimetajwa. Anaweza kusema kwamba, kwa kipato cha mume, mke mwingine ataleta dhiki kwa wake waliopo na watoto wadogo. Anaweza kusema kwamba anayetaka kuolewa anajulikana kwa tabia mbaya sana, au ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. "Sitaki" peke yake si sababu katika sheria hiyo.

Sababu ya kipato ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa inapimika. Basi tukakaa na dada tukapiga hesabu, na hesabu hii tunaiweka hapa kama mfano. Mume anapata riyali 8,500 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 24,000 kwa mwaka, sawa na 2,000 kwa mwezi. Serikali ya Saudia hutoza kila mtegemezi wa mgeni riyali 400 kwa mwezi, kiwango kilichofikiwa mwaka 2020 baada ya kuanza na 100 mwaka 2017. Mke na watoto wawili ni 1,200. Chakula ni 1,800, shule ya watoto wawili ni 1,600, umeme, simu na petroli ni 700, na mama mzaa mume hupelekewa 500. Jumla ni 7,800. Kinachobaki ni riyali 700.

Riyali 700 ni karibu dola 187, kwa kuwa dola moja ni riyali 3.75. Kwa fedha hiyo mke wa Tanga anaweza kukaa nyumba ya kawaida na kula. Lakini hakuna tena tikiti za likizo, hakuna akiba, na mtoto akiugua hakuna pa kushika. Na mahari na harusi vitatoka wapi, kama si kwenye fedha za ule ujenzi wa Tanga ambao dada naye alijinyima kwa miaka sita? Hilo ni swali la kwanza la kumuuliza mume, tena kwa utulivu: "Baba fulani, za harusi unazitoa wapi?"

Swali la pili ni hili: mke wa pili atakaa wapi baada ya miaka miwili? Mume anasema atabaki Tanga. Tufikirie. Sheria ya kazi ya Saudia inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 kwa mwaka, na 30 akishatimiza miaka mitano kwa mwajiri mmoja. Mke wa pili atamwona mumewe siku 30, na wa kwanza siku 335. Huyo binti naye ana haki ya zamu kama mwenzake, na siku moja atadai. Anaweza kusamehe zamu yake, kama Bibi Sauda alivyompa Bibi Aisha siku yake katika nyumba ya Mtume, lakini wanachuoni wamesema msamaha wa zamu unaweza kurudishwa kwa siku zijazo. Kwa hiyo "atabaki Tanga" ni ahadi ambayo mume hawezi kuitoa peke yake. Akimleta Jeddah, kuna tozo ya 400, nyumba ya pili isiyopungua 1,500, na chakula tuseme 800. Hiyo ni 2,700 kila mwezi, na mfukoni kuna 700. Upungufu ni riyali 2,000.

Hesabu hii ikiandikwa kwenye karatasi, pamoja na nakala ya mkataba wa kodi na risiti za shule, inakuwa ndiyo pingamizi lenyewe. Dada haihitaji kwenda Tanga kwanza ili kuikusanya. Anaweza kumpa ndugu au wakili hati ya uwakilishi. Lakini tumtahadharishe na jambo moja. Sheria hiyo hiyo ya 1971 inasema ndoa iliyotimiza mambo mengine haibatiliki kwa sababu tu taarifa haikutolewa, au kwa sababu pingamizi lilikuwa halijaamuliwa. Maana yake ni kwamba mume akimaliza jambo lake kwa siri uani kwa shekhe, ndoa imesimama. Pingamizi ni la kabla. Baada ya harusi linabaki swali la haki ndani ya ndoa, wala si la kuizuia.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wasiichukue habari hii kama ilivyo, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki Zanzibar. Huko mambo ya ndoa za Kiislamu yako kwa kadhi. Wa Mombasa na Lamu nao wana Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, inayoihesabu ndoa ya Kiislamu kuwa inaruhusu mitala na kuyaacha mambo yake kwa sheria ya Kiislamu, na wana Mahakama za Kadhi zilizotajwa ndani ya Katiba ya 2010. Huko uzito unahamia kwenye nafaka, uadilifu na madhara, siyo kwenye kipato kabla ya harusi.

Tuseme pingamizi halikufaulu, au dada hataki kuliweka, akiogopa kugombana na ukoo mzima. Mume anaoa. Haki zake ndani ya ndoa ni zipi?

Ziko mbili za kushikilia. Ya kwanza ni nyumba yake. Sheria ya Saudia ya 2022 inasema mume hawezi kuweka wake wawili katika makazi mamoja bila ya ridhaa, na aliyeridhia anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Kwa hiyo mume akisema "Atakaa chumba cha wageni mpaka nipate nyumba", dada anaweza kukataa, na akikubali kwa wiki mbili bado hajaiuza haki yake. Ya pili ni uadilifu katika zamu na nafaka. Bibi harusi mpya ana siku zake: saba akiwa mwanamwali, tatu akiwa aliwahi kuolewa. Baada ya hapo usiku unagawanywa sawa. Mume hawezi kusema "Huyu ni mgeni, mvumilie miezi mitatu." Mapenzi ya moyoni hayapimwi na kadhi, na Kurani yenyewe katika Sura ya Nisaa imesema wanaume hawataweza kuyasawazisha hata wakijitahidi. Kinachopimwa ni nyumba, chakula, nguo na usiku.

Kukitokea upungufu, hapa Saudia mlango ni Mahakama ya Hali za Kibinafsi, na maombi hufanyika kwa jukwaa la Wizara ya Sheria liitwalo Najiz. Mgeni mwenye iqama anaweza kulitumia. Kabla ya kesi kuna upatanishi kwa jukwaa la Taradhi, na hapo ndipo tunapoona njia inayofaa kwa mke anayetaka kubaki. Makubaliano yanayofikiwa Taradhi huandikwa na kuwa hati ya kutekelezwa, kama hukumu. Dada anaweza kuandikisha nafaka ya kila mwezi kwa kiasi kinachojulikana, nyumba yake peke yake, ada za shule, na zamu. Tofauti ya ahadi ya mezani na ahadi ya Taradhi ni kwamba hii ya pili ikivunjwa hurudii kuanza kuthibitisha, unaomba itekelezwe.

Na kama anataka kutoka? Kuoa mke wa pili, peke yake, mahakama ya hapa haikuhesabu kuwa madhara. Lakini kutolipa nafaka, kumtelekeza, kumpiga au kumtukana ni madhara, na kwa madhara yaliyothibitika mke anaweza kuomba ndoa ivunjwe bila yeye kulipa kitu. Akishindwa kuthibitisha, inabaki khului kwa maelewano. Kwa hiyo ushahidi ni mali: ujumbe wa simu, fedha zilizoingia benki na zilizoacha kuingia, mashahidi.

Hapa lazima tuseme habari ya iqama, maana ndiyo iliyomkosesha dada usingizi. Ukaazi wake umejengwa juu ya ukaazi wa mume. Mume ndiye anayemtolea viza ya kutoka na kurudi, na ndiye anayeirefusha, kupitia akaunti yake ya Absher. Tumesikia kisa cha mke aliyeambiwa "Nenda kapumzike nyumbani miezi miwili", akaenda na watoto, viza ikaisha, mume hakuirefusha, na mke mdogo akachukua nafasi. Mke yule hakuachwa wala hakufukuzwa. Alifungiwa mlango kwa kalenda. Basi katika kipindi hiki dada asisafiri kabla hajaona tarehe ya mwisho ya viza kwa macho yake. Pasipoti yake na za watoto azijue ziliko. Nakala za hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa na iqama azitume kwa ndugu anayemwamini. Akitaka ushauri wa karatasi zake, ubalozi wa nchi yake uko Riyadh.

Malezi nayo yana pande mbili. Sheria ya Saudia humpa mama nafasi ya kwanza ya kulea watoto wazazi wakiachana. Lakini watoto wa mgeni nao iqama zao ziko chini ya baba, na ndoa ikikatika ukaazi wa mama unapoteza nguzo yake. Haki ya malezi ya mtu asiyeweza kubaki nchini ni haki nyembamba. Ndiyo maana mke anayefikiria kutoka afanye makubaliano ya watoto, watakaa nchi gani na nani atalipa shule, kabla ya talaka, wala asingoje baada yake.

Limebaki jambo la nyumba ya Tanga. Kiwanja kina jina la mume, na dada anaambiwa "Wewe hukuwa na mshahara." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambao ndoa yao ilikuwa ya Kiislamu. Mahakama za chini zilisema mke wa nyumbani hakuchangia kitu. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kazi za nyumbani na kulea ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Watu hupenda kuitaja hukumu hiyo na kuishia hapo. Lakini Bi Hawa mwenyewe mwishoni hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu ilionekana fedha ambazo mume alimpa kwa biashara alizitumia vibaya, zikahesabiwa kuwa ndizo fungu lake. Tena mgawanyo huo huja wakati wa talaka au kutengana. Ndoa ya pili peke yake haiufungui. Funzo kwa dada ni mawili: aweke kumbukumbu ya kila riyali aliyoitoa au kuipokea, na aombe sasa, mume akiwa bado anahitaji ridhaa yake, jina lake liingie kwenye hati ya nyumba. Mume anayeomba amani na ukewenza ana kitu cha kutoa.

Tulimrudia dada yetu baada ya wiki mbili. Hakuwa ameamua, na hatukumharakisha. Lakini alikuwa amemuuliza mume yale maswali mawili, la fedha za harusi na la miaka miwili ijayo, akamwekea ile karatasi ya riyali 700 mbele yake. Mume aliitazama muda mrefu. Kisha akasema atampigia mjomba wake Tanga, wasogeze tarehe kwanza. Inawezekana ataoa mwakani, inawezekana hataoa. Dada ametwambia kwamba uchungu uko pale pale, ila hofu imepungua, na sasa akilia anajua analia nini.

Wenye swali au wenye kutusahihisha katika fikihi na sheria, hasa walimu wetu, watuletee kabla ya toleo lijalo. Wasalaam.